Mwenyekiti Tunamwondoa, Mbunge Hatumgusi

Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari nilipoona kwa mara ya kwanza kiongozi akiondolewa madarakani. Ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji, huku kwetu milimani Mlalo, asubuhi ya ukungu. Kaya zilikuwa zimechanga fedha za bomba la maji, na mwenyekiti alikuwa hajasoma mapato na matumizi kwa zaidi ya mwaka. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akasema: "Mwenyekiti, hatukuchukii. Tunaomba daftari." Daftari halikuletwa. Mikono ikahesabiwa mara mbili, na jioni ile mhuri wa kijiji ukawa kwa mjumbe mwingine.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, ndipo nilipogundua kwamba wazee wale hawakufanya fujo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kifungu cha 141, inaupa mkutano mkuu wa kijiji madaraka ya kuchagua halmashauri ya kijiji na ya kumwondoa mjumbe wake yeyote, au wote kwa pamoja. Kwa hiyo haki ya kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake si ngeni Tanzania. Ipo, ila inaishia kijijini.

Mkulima yuleyule wa Mlalo hana njia ya kumwondoa mbunge wake. Ibara ya 71 ya Katiba inataja yanayomfanya mbunge apoteze kiti, na mojawapo ni kuacha uanachama wa chama kilichompendekeza. Chama kikimvua uanachama, kiti kinakuwa wazi. Akihama mwenyewe, vilevile. Waliompigia kura hawaulizwi katika hali yoyote kati ya hizo. Wao huitwa baadaye, kuja kujaza pengo.

Mwaka 2018 ulituonyesha hali hiyo kwa uchungu. Mbunge wa Kinondoni, Maulid Mtulia, aliyechaguliwa kwa tiketi ya CUF mwaka 2015, alijiuzulu Desemba 2017 na kuhamia CCM. Februari 17, 2018, alirudi kugombea jimbo lilelile na akatangazwa mshindi. Siku moja kabla ya kura hiyo, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi wakitawanya maandamano ya CHADEMA. Siwezi kuzungumzia uchaguzi mdogo ule bila kumkumbuka. Miezi michache baadaye, karibu na kwetu, mbunge wa Korogwe Vijijini alifariki dunia, na mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Pengo lilijazwa bila mpiga kura kugusa karatasi.

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ililiona tatizo hili. Ilipendekeza wapiga kura waweze kumwondoa mbunge anayeunga mkono sera zilizo kinyume na maslahi yao, anayeshindwa kuwasilisha kero zao, au anayeacha kuishi jimboni kwa zaidi ya miezi sita bila sababu ya msingi. Bunge Maalumu la mwaka 2014, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa wabunge, halikuiacha haki hiyo katika Katiba Inayopendekezwa. Sikushangaa.

Hata hivyo, nikiwa upande wa haki hiyo, sababu ya pili inanitia hofu. Nani atapima kwamba mbunge "ameshindwa" kuwasilisha kero? Aliyeshindwa uchaguzi ataona kushindwa huko tangu wiki ya kwanza. Wakenya waliliogopa jambo hilo kiasi cha kulifunga kabisa. Katiba yao ya 2010, ibara ya 104, inatoa haki ya kumwondoa mbunge, lakini Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikaiwekea vizingiti: hukumu ya Mahakama Kuu kwanza, miezi 24 ipite tangu uchaguzi, kisha saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivitangaza baadhi ya vifungu vya utaratibu huo kuwa kinyume cha Katiba. Haki ikabaki kwenye maandishi, bila utaratibu wa kuitumia.

Mimi ningechukua sababu ya makazi, inayopimika, na idadi kubwa ya saini, kisha ningemzuia aliyeshindwa uchaguzi uliotangulia kuanzisha ombi.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba wangu haya yote, tukiwa barazani. Yeye alikuwepo siku ile ya mikono. Alinikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau: daftari lile halikuwa kwa mwenyekiti. Lilikuwa kwa mtendaji wa kijiji, mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, ambaye mkutano haukuwa na uwezo wa kumwondoa. Alihamishiwa kijiji kingine, na maji hayakutoka.

"Sasa huyo mbunge," akaniuliza, "daftari lake liko wapi?"

Nikamweleza kwamba bajeti hupigiwa kura kwa kuitwa jina, lakini miswada mingi hupitishwa kwa sauti, wa ndiyo na wa siyo, na jina la mtu halibaki popote.

"Basi tutamwondoa kwa lipi?" akasema, akaendelea kumenya maharage.