Dola moja kila mwezi

Kwa muda mrefu mkopo wa mkulima wa Kibumba haukuwa na karatasi. Kwenye likelemba kila mwanachama alitoa kiasi kilekile, na aliyefikiwa na zamu akachukua chote. Zilipokuja avek, vikundi vya kuweka na kukopa, fedha ziliwekwa katika sanduku la kufuli tatu na hesabu zikasomwa kwa sauti mbele ya wote. Kando ya akiba kulikuwa na mfuko wa jamii: kila mkutano mtu alitoa kiasi kidogo cha kumsaidia atakayefiwa au kuugua. Hiyo ilikuwa bima, na hakuna aliyeitoa bila kujua inakwenda wapi.

Mabadiliko yalikuja na mikopo ya ushirika wa akiba mjini Goma, zaidi ya kilomita 20 kusini, kule viazi na kabeji za Kibumba zinakoteremshwa kwa malori na chukudu. Mwanamke kijana aliyekulia katika avek ya mama yake aliomba dola 300 za kununua mbegu za viazi na dawa ya mildiu, ule ukungu unaounguza majani wakati wa mvua. Alielezwa mambo mawili: miezi sita, na riba ya asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Akasaini, akapewa ratiba ya malipo, karatasi moja kwa Kifaransa.

Nyumbani aliikagua kwa namna aliyoizoea, yaani kwa kuhesabu upya. Kila mwezi angerudisha dola 50 za mtaji. Riba ya mwezi wa kwanza, asilimia 3 ya 300, ni dola 9. Ya pili, juu ya 250, ni 7.50, kisha 6, 4.50, 3 na 1.50. Jumla ya riba ni 31.50, kwa hiyo deni lote lilipaswa kuwa dola 331.50. Karatasi ilisema 337.50.

Tofauti ya dola 6 ingeweza kudhaniwa kuwa riba iliyokosewa. Kilichomwonyesha ukweli ni mstari mmoja mmoja. Mwezi wa kwanza aliona 60 badala ya 59, na wa mwisho 52.50 badala ya 51.50. Riba ya namna hii hupungua kadiri deni linavyopungua. Kinachobaki vilevile kila mwezi ni tozo ya kitu kingine. Aliporudi kwenye vichwa vya safu, akaikuta katikati ya riba na jumla, imeandikwa kwa herufi tatu tu za neno la Kifaransa la bima.

Dola moja si nyingi, lakini haikuwa na uzito uleule mwanzo na mwisho. Katika mwezi wa kwanza ililinda deni la dola 300. Katika wa sita ililinda deni la dola 50 kwa bei ileile.

Alirudi ofisini na ratiba mkononi.

“Papa, hii dola moja ni ya nini?”

“Ni asiransi, mama. Ukifa, deni linafutwa.”

“Na viazi vikioza?”

“Hapana. Ni kifo tu, ao ulemavu wa kudumu.”

Jibu lilikuwa sahihi, na lilipaswa kutolewa kabla ya saini. Bima ya mkopaji hulipa mkopeshaji salio la deni. Familia haipokei fedha, ila huondolewa mzigo. Haigusi mavuno yaliyoharibika wala njia iliyofungwa, na mikataba mingi ya aina hii huacha nje vifo vya vitani. Tena bima haijiendeshi yenyewe: lazima mtu apeleke taarifa na hati ya kifo ndani ya muda uliowekwa. Hapa ndipo ukimya unapoumiza zaidi kuliko dola 6. Familia isiyojua kwamba bima ipo huendelea kulipa, au mdhamini hudaiwa deni ambalo marehemu alikwisha kulilipia kinga. Aliyeweka sahihi ya udhamini alikuwa shangazi yake, naye hakuwa ameambiwa kitu.

Katika mkopo wa pili aliuliza kabla ya kusaini: kampuni gani ya bima inabeba hatari hiyo, au ni mfuko wa ushirika wenyewe, na akimaliza deni mapema, je, tozo za miezi iliyobaki zinakoma? Akaomba nakala ya masharti, na shangazi akapewa ya kwake. Tozo ilibaki dola moja, lakini sasa ilisomwa kwa sauti pamoja na riba.

Mwaka 2022 vita vya M23 viliifikia Kibumba, na watu wengi wakakimbilia Kanyaruchinya, viazi vikibaki ardhini. Bima hiyo haikuhusika na hasara ya namna hiyo. Kwa aliyekimbia na deni, la kufanya lilikuwa kuomba ushirika upange upya ratiba.