Miembe ya Jirani, Madirisha ya Treni

Kati ya miembe aliyochuma Gulwe, hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliishi kwa miti ya majirani. Kila Novemba alipita nyumba kwa nyumba, akaamkia "Mbukwa," kisha akaomba kuutazama mwembe.

Siku hizo wachuuzi walikuwa wakinunua mti. Unalipa mapema na maembe yote yanakuwa yako. Alihesabu tawi moja la wastani, akazidisha kwa idadi ya matawi, akatoa theluthi nzima kwa ajili ya upepo, ndege na watoto. Theluthi hiyo hakuipunguza hata mwenye mti aliponuna.

Kuchuma kulikuwa na adabu yake. Embe lililokomaa huinua mabega yake kupita mahali kikonyo kinapoingia. Ukilikata, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza unjano. Ikiwa nyeupe tupu, hata ukilivundika litanyauka bila utamu. Kijana alipanda na upondo wenye mfuko wa wavu, na hakuruhusiwa kuutikisa mti, maana embe lililoanguka huonekana zima leo, keshokutwa lina doa jeusi. Kikonyo kiliachwa kirefu. Chini kilivunjwa, embe likiinamishwa ili utomvu udondoke ardhini, kwani ukitiririka juu ya ganda huliunguza.

Treni ikisimama stesheni ya Gulwe, mafungu ya maembe yalipanda madirishani kwa abiria. Wa safari fupi walipewa mabivu, wa Tabora na Kigoma magumu.

Msimu wa 2009 alikuwa amelipia miti minne. Mwishoni mwa Desemba mafuriko yakakata reli kati ya Kilosa na Gulwe.

Treni haikuja, na maembe hayasubiri. Aliyapakia kwenye matenga, akayapeleka Mpwapwa kwa baiskeli, akakuta kila ua una mwembe wake na bei imelala. Yaliyobaki yaliingiwa na funza wa inzi wa matunda: tundu dogo kama la sindano kwenye ganda, ndani uji. Mti alioulipia shilingi 20,000 ulimrudishia 7,000. Alilia usiku ule, na hakumwambia mtu.

Msimu uliofuata alimwendea mzee mwenye mti huo.

"Babu, mwaka huu tusiuziane mti. Nitakulipa kwa tenga, jioni ileile ninayochuma."

"Na mvua ikiyaangusha, mjukuu wangu?"

"Tumepoteza wote."

Mzee alinyamaza muda mrefu. Alikuwa na haki ya kusita: zamani hasara yote ilikuwa ya mnunuzi, sasa anaombwa abebe nusu. Lakini mti ukizaa sana, naye angepata zaidi, jambo ambalo mauzo ya Novemba hayakumpa kamwe. Akakubali kwa sharti moja, atangulizwe kidogo, kwa sababu Januari wajukuu wanataka madaftari. Mnunuzi alimhesabia 5,000 palepale kivulini, zikakatwa kwenye matenga ya kwanza.