Kamati ya Orodha

Mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali ilipofanywa kuwa ya bure, walimu wengi nchini walibaki bila mshahara kwa kuwa majina yao hayakuwemo katika orodha ya malipo. Sisi hapa Kindu tuliwafahamu viongozi wa chama chetu cha walimu kwa hotuba tu. Tukaomba kuingia kamati ya orodha, ambayo haikugombewa na mtu. Kila juma tulivuka mto hadi Alunguli, tukilinganisha namba za matrikule na barua za kuajiriwa, kisha tukampelekea katibu karatasi iliyokwisha kuhakikiwa. Baada ya majuma matatu akaanza kutuuliza maoni yetu. Naye mwenyekiti, msemaji sana mkutanoni, tulimwona mezani akisoma kimya, jina baada ya jina.