Asilimia 12 Ambayo Si 12

Nilipoacha chuo nilitaka kamera ya 24,000. Jamaa wa mikopo akaniambia, "Bosi, riba ni asilimia 12 tu kwa mwaka." Nikapiga hesabu: 2,880. Poa, nikasaini.

Kwa simu ikaingia 22,800. Kumbe kuna ada ya mkopo ya asilimia 5, na wanaikata kabla hujaguza kitu. Hiyo 1,200 ikabidi nimwombe mathe.

Kila mwezi nilikuwa nalipa 2,240, yaani 2,000 ya deni na 240 ya riba. Hapa ndipo nilichezwa. Deni lilikuwa linapungua, lakini hiyo 240 haikushuka hata siku moja, juu waliihesabu kwa 24,000 mwaka mzima. Mwezi wa mwisho nilikuwa nadaiwa 2,000 pekee na bado nikalipa riba ya 240. Hiyo ni asilimia 12 kwa mwezi mmoja, jameni!

Jumla nilipewa 22,800 nikarudisha 26,880. Zimeenda 4,080. Na ukihesabu kwa deni lililobaki kila mwezi, riba ya kweli inapita asilimia 31 kwa mwaka. Sikudanganywa, ilikuwa kwenye mkataba. Ni mimi sikusoma.

Siku hizi nauliza mawili tu: ngapi itaingia kwa simu, na ngapi itatoka mpaka nimalize? Juzi jamaa mwingine alijibu la kwanza fasta. La pili, akarudi kwa asilimia. Nikasimama nikaenda.