Ankara ya Masinia Hamsini na Matatu

Huku kwetu Rumonge, harusi za Waswahili hazina kadi ya kujibu kwamba utakuja au hutakuja. Jirani hualikwa kwa mdomo, naye huja na watoto wake, na pengine na mgeni aliyelala kwake jana. Ndugu wa Nyanza-Lac hupanda gari moja wakiwa kumi, ingawa walioalikwa walikuwa wanne. Wa Kigoma na wa Uvira huvuka ziwa au mpaka wakifika wangapi wafike. Kumrudisha mtu mlangoni ni aibu ambayo familia itaibeba miaka mingi. Kwa hiyo idadi ya wageni ni kitu kinachosogea mpaka dakika ya mwisho, ilhali mpishi wa kukodi anataka namba iliyosimama. Katika insha hii nataka kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana kwenye karatasi moja, yaani ankara ya chakula, ile tunayoiita fagitire. Mfano wangu ni walima wa dada yangu mkubwa, ambao mimi nilikuwa karani wa kamati yake.

Kwanza lazima tujue kinachohesabiwa. Katika kumbi za Bujumbura mpishi huhesabu sahani au viti. Kwetu pilau huliwa kwenye sinia, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na sinia moja hupakuliwa kwa watu watano. Bei tuliyopatana ilikuwa faranga 20,000 kwa mtu, lakini hakuna aliyeweza kuhesabu watu waliokuwa wakiingia na kutoka uani. Tukakubaliana na mama mpishi kwamba kipimo kiwe sinia, kila moja faranga 100,000. Wakila watu wanne, sinia ni moja. Wakijibana sita, bado ni moja, kwa sababu wali na nyama vilivyowekwa ni vilevile. Hilo peke yake liliondoa nusu ya ubishi.

Makubaliano ya kwanza yaliandikwa miezi miwili kabla: wageni 200, yaani masinia 40, jumla faranga milioni 4 za chakula. Baba alilipa nusu yake, milioni 2, iwe avansi. Fanta zingelipwa kwa chupa zitakazofunguliwa, faranga 2,000 kila chupa, na vijana wa mtaa wetu ndio wangezigawa. Mwisho kulikuwa na gharama ya huduma, asilimia 10 ya chakula, kwa ajili ya wapakuzi, waosha vyombo na usafiri wa masufuria.

Kulikuwa na sharti jingine ambalo wengi hulipita bila kulisoma: idadi ifungwe siku tatu kabla ya walima. Sababu yake si ukali wa mpishi. Baada ya siku hiyo ananunua mchele, analipia nyama, anatafuta kuni na kuwaita wasaidizi. Pesa ikishatoka mfukoni mwake, mgeni asiyekuja harudishi kitu. Kwa hiyo idadi iliyofungwa ndiyo kiwango cha chini cha malipo. Wageni wakipungua, unalipa ileile. Wakizidi, unalipa kilichotoka jikoni. Mtu asiyejua hivyo hudhani ankara itashuka mvua ikinyesha na watu wakabaki majumbani. Haishuki.

Siku kumi kabla, upande wa bwana harusi ulileta habari kwamba ndugu zao wanaongezeka. Tukapandisha hadi wageni 240, masinia 48, na hapo ndipo tukafunga. Mama mpishi akaomba nyongeza ya avansi kwa masinia manane yaliyoongezeka. Hayo yalikuwa faranga 800,000, na nusu yake ni 400,000. Mjomba akamtumia kwa Lumicash jioni ileile.

Siku ya walima mambo yakaenda vizuri. Pilau ilitosha, dada alipendeza, wazee wakaomba dua. Siku ya pili yake mtoto akaleta ankara ikiwa imekunjwa mara nne. Masinia 53, faranga 5,300,000. Fanta kreti 20, yaani chupa 480, faranga 960,000. Jumla 6,260,000. Huduma asilimia 10, faranga 626,000. Jumla kuu 6,886,000. Ukitoa avansi ya milioni 2, salio ni faranga 4,886,000.

Baba aliisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Lipeni. Sitaki sauti baada ya harusi ya binti yangu." Nilimwelewa. Kukagua ankara ya chakula baada ya watu kula na kushukuru kunaonekana kama kuhesabu matonge ya wageni. Lakini pesa yenyewe haikuwa ya baba peke yake. Sehemu kubwa ilikuwa michango ya mtaa, na kamati ingesomewa hesabu mbele ya waliochanga. Tena kilichopungua kingetoka kwenye bidoni za mawese ambazo baba alikuwa amezitunza akingoja bei ipande. Kila laki ya ziada ilikuwa bidoni inayouzwa kabla ya wakati wake. Nikamwomba ruhusa ya kwenda kwa mama mpishi na daftari langu, bila sauti.

Jambo la kwanza lilikuwa idadi. Je, masinia 53 yalitoka kweli? Njia ya kujua ni mchele. Kilo moja ya mchele mkavu, kwa upakuaji wa mama yule, hulisha watu wanane. Wageni 240 wanahitaji kilo 30, na mpishi mwenye busara huongeza kidogo kwa ajili ya wasioalikwa. Yeye alipika kilo 33, nami nilikuwapo mchele ulipopimwa. Kilo 33 mara watu wanane ni watu 264, karibu sana na masinia 53. Kwa hiyo hakuwa ameongeza chumvi. Kama ankara ingesema masinia 60, mchele ungeikana.

Swali likawa ni nani aliyekula. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika kila sinia lililopita mlangoni kuelekea kwa wageni: 51. Mawili yaliliwa nyuma ya jiko na wasaidizi wake na dereva. Nilimuuliza kwa upole, "Mama, yale mawili ya wapakuzi nayo ni ya wageni?" Akacheka. "Mwanangu, wapakuzi nao wana matumbo." Nikamwambia ni kweli, na ndiyo maana tunalipa huduma. Chakula cha wafanyakazi kimo ndani ya gharama ya huduma, isipokuwa mmeandika vinginevyo. Akafikiri, akayafuta mawili. Yakabaki masinia 51, faranga 5,100,000.

Jambo la pili lilikuwa huduma. Asilimia 10 ni maneno matupu mpaka useme ni asilimia 10 ya nini. Yeye alijumlisha chakula na fanta, kisha akakata asilimia juu ya vyote. Karatasi yetu ilisema ya chakula, na fanta ziligawiwa na vijana wetu wenyewe. Hesabu ya haki ikawa asilimia 10 ya 5,100,000, yaani 510,000 badala ya 626,000. Hakupinga, mkwe wake ndiye aliyeandika ankara, na alifuata mtindo wa harusi nyingine ambako wao ndio waliogawa kila kitu.

Hapo mmoja wa wajumbe wetu aliyenisindikiza akaona nafasi. Akasema tutoe avansi kwanza, halafu huduma ikatwe juu ya kilichobaki. Ukifanya hivyo, chakula kinashuka kutoka 5,100,000 hadi 2,700,000, na huduma inakuwa 270,000 tu. Ingetuokolea 240,000. Lakini ni dhuluma. Avansi si punguzo la bei. Ni sehemu ya malipo iliyotangulia, na wapakuzi hawakubeba nusu ya masinia kwa sababu tulilipa nusu mapema. Utaratibu sahihi ni kukamilisha gharama zote, pamoja na huduma, ndipo avansi itolewe, na iwe mstari wa mwisho kabla ya salio. Mama mpishi alikuwa akinitazama nisikie nitasema nini. Nilipomjibu mwenzangu kwamba hapana, naona ndipo aliponiamini.

Imani hiyo ilihitajika kwa jambo la tatu, ambalo lilikuwa kubwa kuliko yote. Ankara ilitaja avansi moja ya milioni 2. Zile 400,000 za nyongeza hazikuwemo. Daftari lake lilikuwa na ukurasa wa siku ya makubaliano tu, na pesa ya simu haikuandikwa popote kwa sababu hakuna mtu aliyempa mkononi. Nilikuwa nimemwomba mjomba asifute ujumbe wa Lumicash. Ulionyesha tarehe, kiasi na namba iliyopokea. Mama mpishi akatafuta kwenye simu yake, akaukuta wa upande wake, akasema, "Alhamdulillah, ningekula cha watu bila kujua."

Tukaandika ankara upya, mimi nikiandika na yeye akisoma. Chakula 5,100,000, fanta 960,000, huduma 510,000, jumla 6,570,000. Avansi ya kwanza 2,000,000 na ya pili 400,000, kila moja na tarehe yake. Salio 4,170,000. Tofauti na ile ya kwanza ilikuwa faranga 716,000: laki mbili za masinia ya wapakuzi, 116,000 za huduma, na laki nne za avansi iliyosahauliwa. Baba aliisoma mara mbili, akaagiza salio lilipwe siku hiyohiyo, na bidoni kadhaa za mawese zikabaki stoo.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba katika laki hizo saba hamna hata faranga moja iliyotokana na wageni waliokuja bila mwaliko. Wao, ambao kila kamati huwalalamikia, walihesabika vizuri kabisa. Masinia matatu yaliyozidi yale 48 tuliyafurahia na tukayalipa. Fedha zilikuwa zinapotelea mahali ambapo maneno hayakukamilishwa: chakula cha nani, asilimia ya nini, avansi ngapi. Mama mpishi sasa huandika maneno hayo matatu juu ya kila ukurasa wa daftari lake kabla ya kupokea pesa ya mtu. Harusi iliyofuata mtaani kwetu alikuja mwenyewe kuniomba nimchoree mistari ya ankara, na safu ya wapakuzi aliiweka yeye, chini ya huduma, bila kuambiwa.