SWETA YA SOKORO

Nyumbani kwetu karibu na Kebirigo, Nyamira, kuna picha moja tu ya Sokoro, yaani babu yangu, akiwa kijana. Ilipigwa mwaka wa 1971 katika studio moja mjini Kisii, enzi ambazo Nyamira ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kisii na mtu aliyetaka picha ya maana hakuwa na budi kuvaa akavalika na kushuka mjini. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja changu. Sokoro ameketi wima kama askari, amevaa shati jeupe, tai na sweta ya mikono mirefu. Hatabasamu. Nyanya husema aliogopa kwamba akicheka, picha ingeharibika naye alipishwe mara ya pili.

Sokoro alituacha mwaka wa 2015. Mwaka wa 2025 jamaa zetu walipopanga maombi ya kumkumbuka baada ya miaka 10, shangazi alinigeukia mbele ya watu wote akasema, "Wewe si ndiye unayechora hata kwenye vitabu vya hesabu? Basi tuchoree mzee, awe mkubwa, awe na rangi, tumweke ukutani." Nilikubali haraka haraka. Kumbe nilikuwa nimejitia kitanzi! Nitachoraje kwa rangi picha isiyokuwa na rangi?

Binamu yangu alikuwa na jibu mfukoni. Katika simu yake kulikuwa na programu ya kutia rangi picha za zamani. Tuliipiga picha ile ya Sokoro, akabonyeza mara moja, na kabla sijameza mate babu yangu alikuwa amefufuka. Uso wake ulikuwa wa hudhurungi, midomo ya waridi, ukuta nyuma yake wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, tai ya kijivu, na sweta ya bluu iliyokoza. Nilisisimka mwili mzima. Sikuuliza swali lolote. Tulienda saiba tukatoa nakala kadhaa kwa printa, jamaa wakagawana, nami nikaibandika yangu kando ya karatasi ya manila na kuanza kuchora kwa rangi za maji. Kwa wiki mbili nilikuwa nikitoka shule saa kumi na moja jioni, nachota maji, naosha vyombo, kisha namalizia jioni yangu na ile sweta ya bluu.

Baba alipoiona kazi yangu alitikisa kichwa kwa furaha. "Naikumbuka hiyo sweta ya bluu," akasema. "Alikuwa akiivaa akienda kupeleka majani chai."

Nyanya aliletewa picha siku ya Jumapili. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu mno. Nilidhani analia. Kisha akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

"Ni Sokoro, Nyanya."

"Uso ni wake. Lakini hii nguo umeitoa wapi? Mimi sikumfumia bluu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sweta ile aliifuma Nyanya mwenyewe mwaka wa 1970, kabla hawajaoana, na kwamba ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, ile ambayo sisi shuleni huiita maruni. Tena ikaja habari nyingine iliyonishtua zaidi. Viwiko vilipotoboka aliifumua sweta yote na kutumia uzi uliobaki mzima kumfumia baba mkubwa nguo za utotoni, mwaka wa 1974. Baba yangu alizaliwa mwaka wa 1978! Hakuwahi kuiona sweta hiyo hata siku moja. Alikuwa "akiikumbuka" kutoka kwenye karatasi iliyotoka saiba juma lililotangulia. Binamu zangu wadogo nao walikuwa wameshaanza kusema "Sokoro wa sweta ya bluu" kana kwamba ni jina lake.

Nilihuzunika, kisha nikakasirika, kisha nikataka kujua programu ile iliitoa wapi bluu yake. Nilimwendea mwalimu wetu wa kompyuta. Aliniambia kwamba picha ya nyeusi na nyeupe haikuficha rangi mahali fulani ili mtu mwerevu aje aifukue. Ilihifadhi mwanga na giza tu. Rangi yenyewe haikuandikwa. Akanipa hesabu ambayo kompyuta hutumia inapogeuza rangi kuwa kijivu. Kila rangi katika skrini ni mchanganyiko wa nyekundu (R), kijani (G) na bluu (B), kila moja kuanzia 0 hadi 255, na kijivu chake hupatikana hivi:

```
0.299R + 0.587G + 0.114B
```

Chukua maruni yenye nyekundu 128 peke yake: utapata 38. Chukua kijani cha giza chenye kijani 65 peke yake: utapata 38. Chukua bluu iliyokoza yenye kijani 40 na bluu 128: utapata 38 tena. (Nimeondoa desimali, mwalimu wa hesabu asinichape.) Filamu ya studio haikufuata hesabu hiyo hasa, lakini mambo ni yale yale: sweta tatu za rangi tatu zinaweza kutoa kijivu kimoja. Kutoka kwenye kijivu, huwezi kurudi ulikotoka.

Basi programu hufanya nini? Hukisia. Ilifunzwa kwa picha nyingi mno za rangi zilizoondolewa rangi, ikajifunza ni rangi gani huandamana na kitu gani. Tulifanya jaribio letu wenyewe katika chama. Tulipiga picha ya wanafunzi wanne wamesimama kando ya shamba la chai, tukaiondoa rangi yote kwa simu, kisha tukaipa programu ile ile iirudishe. Majani ya chai yalirudi ya kijani, safi kabisa. Anga ilirudi ya samawati. Lakini sweta zetu za shule, ambazo kila mmoja wenu anajua kwamba ni za kijani, zilirudi za bluu, na moja ikawa bluu upande wa kushoto na kahawia upande wa kulia! Tulicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akachungulia.

Nilipotulia niliona tofauti. Jani la chai lina rangi yake kwa sababu ni jani la chai. Sweta ina rangi yake kwa sababu mtu fulani aliingia dukani akachagua uzi. Programu inaweza kujua desturi ya majani. Uamuzi wa Nyanya mbele ya kaunta ya duka mwaka wa 1970 haiwezi kuujua. Na isipokuwa na hakika, hukimbilia rangi za katikati zilizopoa, kama kahawia, kijivu na bluu ya giza, kwa maana hapo kosa lake huwa dogo. Ndiyo sababu picha nyingi za namna hii zinafanana, na ndiyo sababu zinaaminika upesi. Laiti ingempaka Sokoro zambarau, ningeshtuka siku ile ile.

Kuna mtego mwingine ulioninasa. Binamu yangu alisema, "Hebu irudishe iwe nyeusi na nyeupe tena, uilinganishe na ya zamani." Nikafanya hivyo, zikalingana kabisa, nikafurahi kama aliyepata ushahidi. Haikuwa ushahidi wa chochote. Programu hizi huacha mwanga na giza kama zilivyokuwa na kutandaza rangi juu yake tu, kwa hiyo ukiiondoa rangi lazima ubaki na picha ile ile. Ingelingana hata kama sweta ingekuwa ya manjano iliyofifia. Njia iliyonisaidia ni kuipeleka picha kwa programu ya pili. Hiyo ilitoa sweta ya kahawia na tai nyekundu. Uso na shati havikubadilika sana. Palipotofautiana ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyejua. Ila nawatahadharisha, hata zingekubaliana isingetosha, kwani huenda zote mbili zimefunzwa kwa picha zinazofanana.

Nilianza upya. Safari hii picha ya rangi niliitia ndani ya kitabu na kuifunga. Nilipeleka ile ya asili saiba ikapigwa skana badala ya simu, kisha nikaondoa umanjano wa uzee wa karatasi ili nipate kijivu halisi. Nikaichorea miraba, nikaikuza mara tano, na kuchora kwa penseli nikifuata mwanga na giza tu: wapi paji la uso linang'aa, wapi kivuli cha pua kinaangukia. Kwa jambo hilo picha ya zamani ni shahidi mwaminifu kuliko programu yoyote.

Rangi nilizitafuta kwa watu na vitu. Nyanya alitoa bati la biskuti, na ndani yake kofia ya mtoto iliyofumwa kwa uzi wa sweta ile. Nje ilikuwa imefifia, inakaribia rangi ya matofali. Nilitaka kuchanganya rangi yangu kulingana nayo, lakini Nyanya aliikunja ukingo akanionyesha ndani ya mshono, mahali jua halikufika. Damu ya mzee, nzito, karibu na nyeusi. Basi niliifuata hiyo.

Uso ulinitesa zaidi. Programu ilikuwa imempaka Sokoro hudhurungi moja tu, yenye uchungwa kidogo, kama udongo uliopakwa ukutani. Nyanya alisema, "Alikuwa mweusi kama baba yako mkubwa, tena aking'aa." Kwa hiyo baba mkubwa aliketishwa kando ya dirisha, mwanga ukimpiga ubavuni kama katika picha. Niliona mambo ambayo sikuyatarajia. Paji lake lilipong'aa halikuwa kahawia hata kidogo, bali lilikuwa na ubuluu hafifu wa anga ya nje. Chini ya taya palikuwa na wekundu wa giza. Midomo haikuwa ya waridi. Baba mkubwa alilalamika kwamba anakaushwa kama omena, lakini alivumilia jioni tatu.

Ikabaki tai. Nyanya hakuikumbuka, kwa kuwa ilikuwa ya kuazima pale studio. Shangazi alitaka iwe nyekundu ipendeze. Nilikataa. Niliichora kwa kijivu kile kile cha picha, na nyuma ya karatasi nikaandika kwa kalamu: sweta, ushahidi wa Nyanya na kofia, ngozi, kutoka kwa baba mkubwa, ukuta na tai, haijulikani.

Siku ya maombi watoto waliizunguka picha. Mmoja akamwuliza Nyanya mbona tai haina rangi.

"Hiyo haikuwa yetu," Nyanya akamjibu, akamsogezea kiti apate kuona vizuri.