Ufunguo ni Amana



Usiku mmoja, baada ya hitima ya mama yangu mdogo huko Likoni, nilivuka feri na wanangu watatu, tukafika nyumbani Majengo saa nne. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku bandarini. Mbele ya mlango nikatia mkono mkobani, nisiuone ufunguo. Hapo nikakumbuka kwamba ferini nilimpa mwanangu wa miaka sita auchezee apate kutulia. Naye hakujua ulipomponyoka.

Nikampigia simu mwenye nyumba. "Ami, masalkheri. Niwie radhi kwa kukuamsha. Nimepoteza ufunguo na watoto wako nje. Naomba ule wa akiba."

"Ninao, mwanangu, naja. Lakini akihitajika fundi, gharama ni juu yako."

Alikuja kwa miguu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Ufunguo wake ukaingia, lakini haukuzunguka. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa amebadilisha silinda ya kitasa, na ufunguo uliohifadhiwa miaka yote ulikuwa wa silinda ya zamani. Hakuna aliyewahi kuujaribu.

Jirani wa chini akawalaza wanangu kwake. Fundi akafika karibu na saa sita, akaitoboa silinda kwa keekee, akatia nyingine yenye funguo tatu. Mlango na kitasa chenyewe havikuharibika. Alitaka shilingi 1,500 kwa kazi ya usiku na 1,200 kwa silinda. Nikalipa zote ili tulale, lakini moyo wangu haukulala. Kwa nini nilipe kwa sababu ya ufunguo wa akiba usiofungua?

Siku ya pili mume wangu na Ami walikubaliana kumwendea mwalimu wetu wa darasa, nami nikafuatana nao. Alitusikiliza sote, kisha akatueleza kwa utaratibu yaliyomo katika fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu mwambao huu.

Alisema kwamba anayekodisha nyumba ni wajibu wake kumkabidhi mpangaji ufunguo, kwa sababu bila huo mpangaji hapati manufaa anayoyalipia. Hukumu hiyo ni ya kitasa kilichokazwa mlangoni. Kufuli la kuning'inia ni kitu cha kuhamishika, halimo katika mkataba wa nyumba ila likishurutishwa. Ufunguo ukishapokewa huwa ni amana mkononi mwa mpangaji. Ukipotea bila ya uzembe wake, kama vile kuporwa njiani, halipi kitu, na mwenye nyumba ndiye wa kuutoa mwingine. Ukipotea kwa uzembe, mpangaji hulipa thamani yake, lakini kutoa mwingine kunabaki kwa mwenye nyumba.

Kisha akanigeukia. "Bibi, ulipotea vipi?"

Ningeweza kusema tu kwamba ulidondoka. Nikaona haya mbele ya Mola wangu, nikasimulia habari ya mtoto na feri. Mwalimu akasema, "Amana haikabidhiwi mtoto mdogo aichezee. Huo ni uzembe, na thamani ya ufunguo ni juu yako." Akamwambia Ami, "Nawe, lau ufunguo wako ungefungua, fundi asingeitwa."

Tukafanya sulhu. Mimi nikaibeba silinda, yaani shilingi 1,200, ingawa thamani ya ufunguo mmoja ni chini ya hapo, kwa kuwa kosa lilianzia kwangu. Ami akaibeba kazi ya fundi, akanirudishia 1,500 pale pale.

Likabaki jambo lililonishughulisha zaidi kama mwanamke: nani akae na ufunguo wa tatu? Suratun-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kutoa salamu. Mwenye nyumba naye yumo katika katazo hilo maadamu nyumba ameikodisha. Tukakubaliana ufunguo ukae kwa dada yake Ami, katika bahasha iliyogundishwa na kutiwa saini yangu juu ya mkunjo, ili ikifunguliwa ijulikane. Haitolewi ila kwa simu yangu au ya mume wangu, isipokuwa moto au maji yakifurika.

Tuliandika hayo chini ya mkataba wa nyumba, pamoja na hili: atakayebadilisha silinda humpa mwenziwe ufunguo siku ile ile, nao hujaribiwa mlangoni mbele ya wote wawili. Kabla ya kutia saini, Ami aliujaribu ule mpya mara mbili. Ukazunguka.

Wabillahi tawfiq.